Jozi tatu za viatu na muundi mmoja wa kushoto: uchambuzi wa kisa cha mkimbiaji wa Dar es Salaam

Mkimbiaji wa kisa hiki ni mhasibu wa miaka 41 anayeishi Kinondoni. Ana kilo 78, amekimbia kwa miaka minne, na lengo lake lilikuwa nusu marathoni ya Kilimanjaro inayofanyika Moshi, ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Februari. Alinijia mwanzoni mwa Novemba akiwa na maumivu mawili. La kwanza lilikuwa upande wa ndani wa muundi wa kushoto, na alikuwa nalo tangu Septemba. La pili lilikuwa kwenye kano ya nyuma ya kisigino cha kulia, nalo lilianza baada ya yeye mwenyewe kujaribu kulitibu la kwanza. Hilo la pili ndilo lililonifanya niandike kisa hiki, kwa sababu alikuwa amefanya jambo ambalo wakimbiaji wengi wanashauriana siku hizi: badilisha viatu, badilisha njia, usikimbie lami kila siku. Ushauri wenyewe ni mzuri, lakini aliutekeleza wote kwa wiki moja.

Kabla ya kuumia, wiki yake ilikuwa na kilomita 48 katika siku tano, zote kwa jozi moja ya viatu na zote juu ya lami. Kasi yake ya kawaida ni dakika 6 kwa kilomita, na hupiga hatua kama 165 kwa dakika. Ukifanya hesabu, kila mguu ulikuwa unatua karibu mara 24,000 kwa wiki. Kila mguu unapotua kwenye mbio, ardhi huurudishia nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwili unaweza kuvumilia hilo na hata kujijenga kutokana nalo, mradi mzigo usipige sehemu ileile kwa namna ileile bila kupewa nafasi ya kupona. Kwa huyu bwana, kila kitu kilikuwa kilekile: kiatu, barabara, kasi, na hata upande wa barabara.

Upande wa barabara nitaukalia kidogo, kwa sababu ndiko chanzo kilikojificha. Tanzania magari hupita kushoto, hivyo mkimbiaji mwenye busara hukimbia kulia ili ayaone magari yanayomjia. Barabara nyingi za lami zimeinuka katikati na kushuka ukingoni ili maji ya mvua yatiririke. Ukikimbia ukingo wa kulia, mguu wa kulia unakanyaga chini kidogo na wa kushoto unakanyaga juu. Mguu wa juu hulazimika kuangukia ndani zaidi kila unapotua, na misuli inayoshikilia upinde wa wayo, ambayo imejishikiza kando ya mfupa wa muundi, huvuta kupita kiasi. Sasa watu hudhani kwamba wakienda na kurudi kwa njia ileile mambo yanasawazika. Hayasawaziki. Akigeuka ili arudi huku akiendelea kuyakabili magari, anahamia ukingo wa pili, na mguu wa kulia unabaki kuwa wa ukingoni. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu kwa kilomita zote 48.

Maumivu yenyewe yalikuwa yameenea kwenye eneo refu la theluthi ya chini ya muundi, kama upana wa kiganja, yakichoma mwanzoni mwa mbio na kupungua mwili ukipata joto. Hiyo ni dalili ya ganda la mfupa na misuli yake kuchoka. Kama angeweza kuonyesha kwa ncha ya kidole kimoja mahali panapouma, au kama angeumia kwa kuruka mguu mmoja, au usiku akiwa amelala, ningemsimamisha siku hiyohiyo na kumpeleka hospitali kwa hofu ya ufa kwenye mfupa. Na hapo kuna tahadhari ya kuijua: picha ya eksirei katika wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haionyeshi ufa wa aina hiyo. Picha safi na mfupa unaouma kwa nukta moja haviruhusu mtu kurudi barabarani.

Turudi kwenye tiba aliyojipa. Mwishoni mwa Septemba alinunua jozi mbili kwa mpigo. Jozi yake ya zamani ilikuwa na kisigino kilichoinuka milimita 10 kuliko sehemu ya vidole. Jozi mpya ya kwanza ilikuwa bapa, tofauti ya milimita 4 tu, nyepesi, soli nyembamba. Ya pili ilikuwa kiatu cha mashindano chenye povu nene na bamba la kaboni ndani yake. Wiki hiyohiyo akaanza: Jumanne kilomita 10 za lami kwa kiatu bapa, Alhamisi kilomita 10 za kasi kwa kiatu cha kaboni, Jumamosi kilomita 8 kwenye mchanga wa Coco Beach, tena kwa kile kiatu bapa. Kilomita 18 kati ya 48, zaidi ya theluthi ya wiki, zikahamia kwenye kiatu ambacho miguu yake haikuwahi kukivaa.

Muundi ulianza kupoa ndani ya siku kumi, naye akafurahi. Wiki ya tatu akaamka asubuhi, akashuka kitandani, na hatua za kwanza zikamshinda: kano ya kisigino cha kulia ilikuwa imekaza kama kamba, ikalegea baada ya dakika chache za kutembea. "Kocha, si nilifanya mnavyosema? Viatu vitatu, na mchanga laini," aliniuliza. Swali lake ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha kisa chote.

Kubadilisha viatu na ardhi hakupunguzi mzigo wa mbio kwa kiasi kikubwa. Kunauhamisha. Kiatu chenye kisigino kilichoinuka hupeleka kazi zaidi kwenye goti na paja la mbele. Kiatu bapa huishusha kazi hiyo kwenye shavu la mguu na kano ya kisigino, kwa sababu kisigino kinashuka chini zaidi na kano inanyooshwa zaidi kila hatua. Mchanga mkavu hufanya vivyo hivyo kwa ukali: kisigino kinazama, shavu la mguu linavutwa, kisha linatakiwa lisukume kutoka kwenye ardhi isiyorudisha kitu. Vipimo vya maabara vilionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba kukimbia kwenye mchanga kunagharimu nguvu mara 1.6 ya kukimbia kwenye ardhi ngumu kwa kasi ileile. Huo si mchezo wa kupumzisha miguu. Kiatu bapa juu ya mchanga mkavu ni mizigo miwili inayoangukia kano moja, na Alhamisi katikati yake aliongeza kasi.

Kuhusu dhana ya ardhi laini, kuna jambo jingine ambalo wakimbiaji hawaambiwi. Utafiti wa mwaka 1998 wa mbio juu ya ardhi za ulaini tofauti ulionyesha kwamba mkimbiaji hubadilisha ugumu wa mguu wake mwenyewe bila kujua: ardhi ikiwa laini mguu unakaza, ardhi ikiwa ngumu mguu unajilegeza kidogo kwenye goti na kifundo. Ndiyo maana nyasi haziondoi mshtuko kama macho yanavyodhani. Faida yake ya kweli iko kwingine. Kwenye nyasi au barabara ya vumbi kila hatua ni tofauti kidogo na iliyotangulia. Wayo unatua kwa pembe nyingine, misuli midogo ya pembeni inaingia kazini, na ile nukta moja ya muundi haipigwi kwa namna ileile mara elfu nyingi mfululizo. Hicho ndicho tunachokitafuta.

Ushahidi kwamba kuzungusha viatu kunasaidia upo, na ni vizuri kuujua pamoja na mipaka yake. Watafiti wa Luksemburgi waliwafuatilia wakimbiaji 264 wa burudani kwa wiki 22. Waliokuwa wakitumia jozi zaidi ya moja kwa kupokezana walikuwa na hatari ya kuumia iliyopungua kwa asilimia 39 kulinganisha na waliotumia jozi moja. Lakini hakuna aliyepewa viatu kwa kura. Kila mmoja alikuja na mazoea yake. Huenda wenye jozi nyingi walikuwa pia wazoefu zaidi, au waangalifu zaidi. Mimi naichukua kama sababu nzuri ya kujaribu. Na naona wazi kwamba watu wale walikuwa wamezoea jozi zao. Hawakuanza zote Jumatatu moja.

Mpango niliomwekea ulikuwa na sharti moja: kila wiki mbili tunabadilisha kitu kimoja tu, ama kiatu ama ardhi, kamwe si vyote. Wiki mbili za kwanza tulishuka hadi kilomita 30, na zote kwa kiatu chenye kisigino cha milimita 10, jozi mpya ya aina ileile aliyoizoea. Kisigino kilichoinuka kiliipa kano nafuu. Kuhusu muundi, tulimwondoa kwenye barabara yenye mteremko wa pembeni na kumpeleka mahali palipo bapa: njia ya waenda kwa miguu ya Daraja la Tanzanite, lenye urefu wa takriban kilomita 1, kwenda na kurudi. Inachosha akili, lakini mguu wa kushoto ulitua sawa na wa kulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Siku tatu kwa wiki alisimama ukingoni mwa ngazi, akajiinua kwa vidole vya miguu yote miwili na kujishusha taratibu, kisha baadaye kwa mguu mmoja mmoja. Kano haiponi kwa kuachwa tu. Inahitaji mzigo mzito na wa polepole.

Wiki ya tatu na ya nne tuliongeza ardhi. Kiatu kilekile, lakini Jumanne kilomita 6 kwenye njia za vumbi za Mlimani, eneo la Chuo Kikuu. Wiki ya tano tukaingiza kiatu cha pili, chenye milimita 8 na soli ngumu kidogo, kwa ajili ya Alhamisi kwenye lami bapa. Kiatu bapa alichokinunua kilirudi wiki ya saba, na kwa kilomita 2 tu, kwenye nyasi za uwanja wa mpira, baada ya mwili kupata joto kwa kiatu kingine. Tulikuwa tukiongeza kilomita 1 kila baada ya wiki moja au mbili, na kama asubuhi iliyofuata kano ilikaza zaidi ya kawaida, tulibaki palepale.

Kipimo cha asubuhi kilikuwa rahisi. Kabla ya kuvaa chochote alishuka kitandani na kuhesabu hatua mpaka ukakamavu uishe. Kisha alibonyeza muundi kwa kidole gumba kutoka juu hadi chini. Matokeo aliyaandika kwenye daftari pamoja na mambo matatu ya jana: jozi gani, ardhi gani, kilomita ngapi. Maumivu madogo wakati wa mbio hayakumsimamisha, mradi asubuhi yake hali iwe imerudi ilivyokuwa. Kama haikurudi, siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, bila mjadala.

Daftari hilo ndilo lililotupa jibu ambalo hatukulitafuta. Wiki ya sita, kwa sababu za kazi, alikimbia mara mbili kwenye barabara yake ya zamani ukingoni mwa lami, kilomita 8 kila mara, mara ya kwanza kwa jozi mpya ya milimita 10 na mara ya pili kwa ile ya milimita 8. Muundi wa kushoto uliuma asubuhi zote mbili. Wiki iliyofuata nikamwomba avae jozi yake kuukuu, ile iliyokwishakimbia karibu kilomita 900 na ambayo sote tuliilaumu, akimbie kilomita 5 darajani. Muundi haukusema kitu. Kiatu hakikuwa na hatia kubwa. Ilikuwa ule mteremko wa ukingo. Kama angeendelea kubadilisha viatu peke yake angenunua jozi ya nne na ya tano bila kupona. Hii ni faida ya mzunguko ambayo sioni ikitajwa vya kutosha: ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati na ukaandika, unaweza kutenganisha sababu. Ukibadilisha vyote pamoja, hata ukipona hujui kilichokuponya.

Jozi kuukuu ile hatukuirudisha kwenye mbio ndefu hata hivyo. Viatu vingi vya povu hudumu kati ya kilomita 500 na 800, kutegemea uzito wa mtu na ardhi. Ukiviweka mezani na kuviangalia kwa nyuma, vya kwake vilikuwa vimelalia ndani, hasa cha kushoto. Kwa wanaonunua mitumba, na najua ni wengi, kipimo hicho cha meza ni cha lazima, kwa sababu kiatu kilicholala upande wa mwenyewe wa kwanza kitaupinda mguu wako kufuata mwendo wake. Bonyeza pia ubavu wa soli kwa kidole gumba: povu lililozeeka huwa na mikunjo mingi midogo ya mlalo na halibonyei, hata kama juu kiatu kinang'aa. Na ukipata jozi mbili za mtumba zenye kimo cha kisigino tofauti na bado zimesimama wima, unao mzunguko kamili. Jozi mbili za aina ileile, hata mpya, zitagawana uchakavu na kukupa muda wa kukausha moja, jambo muhimu kwa unyevu wa Dar, lakini mguu wako utapigwa palepale.

Mchanga ulirudi Januari, na ulituletea tatizo la mwisho. Tulikubaliana akimbie kwenye mchanga mgumu uliolowa, maji yakiwa yamekupwa, dakika 20, kwa kiatu cha milimita 10. Mchanga huo ni karibu bapa na haumezi kisigino. Faida nyingine ni kwamba ukienda bahari iko kushoto na ukirudi iko kulia, hivyo mteremko mdogo uliopo unagawanywa kwa miguu yote miwili, tofauti na barabarani. Shida ni kwamba kupwa kwa maji kunasogea karibu saa moja kila siku, hivyo kupwa kunakoangukia alfajiri hupatikana siku chache tu katika kila nusu mwezi. Jumamosi moja alifika akakuta bahari imejaa, na ukanda uliobaki ni ule wa juu, mkavu na wenye mteremko mkali. Badala ya kurudi nyumbani alikimbia dakika zake 20. Jumapili asubuhi kano ya kulia ilikaza kwa hatua 30, wakati wiki nzima ilikuwa chini ya 10. Tulichofanya ni kupunguza mbio ndefu ya siku hiyo kutoka kilomita 16 hadi 8, kwa kiatu chenye kisigino cha juu kabisa, na wiki hiyo kiatu bapa hakikuguswa. Jumatano hali ilikuwa imerudi. Tangu hapo hutazama jedwali la maji kabla ya kulala, na kama maji hayafai, anakwenda Mlimani.

Wiki zake za Januari kwa hiyo zilionekana hivi. Jumanne kilomita 8 za vumbi kwa kiatu cha kwanza, kile cha milimita 10. Jumatano kilomita 6 za nyasi, tatu kati yake kwa kiatu bapa. Alhamisi kilomita 10 za lami kwa kiatu cha pili, na ndani yake kasi. Jumamosi 6 za mchanga mgumu au vumbi. Jumapili 16 za lami kwa kiatu cha kwanza. Jumla kilomita 46, na utaona zaidi ya nusu bado ni lami. Nimeulizwa kwa nini sikuiondoa kabisa. Mashindano yenyewe ni ya lami, yakiwa na mlima mrefu wa kuelekea Mweka na mteremko wake wa kurudi, na mguu uliopata nyasi miezi mitatu ungekutana na lami ya kilomita 21 kama mgeni. Kuchanganya ardhi kuna mpaka huo: ardhi ya mashindano lazima ibaki ndiyo chakula kikuu.

Kiatu cha kaboni nilikifungia kabatini mpaka Februari. Bamba lile linaufanya wayo usikunjike kama ulivyozoea, na mzigo unahamia kwenye mifupa ya katikati ya wayo. Mwaka 2023 madaktari wa michezo walichapisha visa vya wakimbiaji waliopata majeraha ya navikula, mmoja wa mifupa hiyo ya katikati ya wayo, baada ya kutumia viatu vya aina hiyo. Visa vilikuwa vichache, na havithibitishi kwamba kiatu ndicho chanzo, lakini mfupa ule hupona kwa shida kubwa, nami sikuona sababu ya kuuhatarisha katika mazoezi ya kila wiki. Alikivaa mara mbili kwa kilomita chache, akahakikisha hakimchubui, kisha akakivaa Moshi.

Alimaliza nusu marathoni bila muundi kumsumbua. Mteremko wa kutoka Mweka ulimwachia mapaja yaliyouma kwa siku nne, na kano ya kulia ikakaza kidogo kwa asubuhi mbili. Sasa tuko kwenye kilomita 5 za kiatu bapa kwa wiki, zote kwenye nyasi, na kabla ya kukipeleka kwenye vumbi nataka aweze kujiinua kwa mguu wa kulia peke yake mara 25 mfululizo bila kisigino kushuka kimo. Mara ya mwisho alifika 19, na kushoto 24.